Kisanduku kitupu si sifuri: kwa nini tunarudisha karatasi za alama kabla ya kukokotoa wastani

Mwishoni mwa muhula uliopita, mwalimu wa taaluma wa shule moja tunayoihudumia alirudi dukani kwetu na ripoti mkononi, akiwa ameongozana na mzazi aliyeamini kwamba kompyuta yetu imemwonea mwanawe. Malalamiko ya namna hii tunayapokea kila muhula, na kwa kuwa tunatoza shilingi 500 kwa ripoti ya kila mwanafunzi, wapo wanaodhani kwamba tunalipwa kwa kazi ya kubonyeza tu. Naomba nieleze kilichotokea.

Mtoto huyo alikuwa na alama 62 za Hisabati, 71 za Kiswahili, 58 za Kiingereza na 65 za Maarifa ya Jamii. Siku ya mtihani wa Sayansi alikuwa amelazwa. Jumla ya alama zake ni 256, na kwa masomo manne aliyoyafanya wastani ni 64. Ripoti, hata hivyo, ilionyesha 51.2, kwa sababu faili tuliyoletewa ilikuwa na 0 kwenye Sayansi, na 256 ikagawanywa kwa tano. Fomula ya Excel tuliyotumia, visanduku B9 hadi F9 vikiwa na alama za masomo matano, ni hii:

```
=AVERAGE(B9:F9)
```

Fomula hii hujumlisha namba zilizomo na kugawanya kwa idadi ya namba hizo, si kwa idadi ya visanduku. Kisanduku kitupu huachwa nje kabisa, na vivyo hivyo kisanduku chenye maandishi kama ABS ya asiyekuwepo. Sifuri iliyoandikwa, kinyume chake, ni namba kamili kama 62: haiongezi chochote kwenye jumla, lakini inaongeza moja kwenye kigawanyo. Laiti kisanduku kile kingeachwa kitupu, mtoto angepata 64 zake.

Tulipouliza sifuri ilitoka wapi, tulielezwa kwamba mwalimu alichagua visanduku vyote vitupu na kuvijaza 0 kwa mkupuo mmoja, ili karatasi ipendeze na isionekane na mapengo. Njia hii ya mkato ndiyo inayowagharimu wateja wetu kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa faili ikishajazwa hivyo hakuna fomula inayoweza kutenganisha sifuri ya aliyefanya mtihani akakosa yote na sifuri ya ambaye hakuwepo. Ilitubidi tuombe karatasi za majibu zilizosahihishwa na kupitia darasa zima, jina kwa jina, kwa siku mbili. Siku hizo mbili tulizitoza, na sioni haya kusema hivyo.

Kosa la upande wa pili huja kwa huruma. Mwalimu anaona mwanafunzi amepata 0 ya Hisabati, anamhurumia, anaacha kisanduku wazi. Kwa alama 60, 55, 50 na 55 za masomo mengine, wastani halali ni 44, lakini Excel itaandika 55. Mwenzake aliyepata 20 ya Hisabati, pamoja na 62, 57, 53 na 58, ana wastani wa 50, naye atawekwa nyuma ya mtu ambaye yeye mwenyewe amemzidi katika kila somo. Wengine hujaribu kuepuka yote haya kwa `=SUM(B9:F9)/5`, ambayo humhesabu kila asiyekuwepo kana kwamba alipata sifuri. Shule ikiwa imeamua hivyo kwa makusudi, tunatii, ila tunataka tuambiwe.

Sifuri iliyotusumbua zaidi ni ile isiyoandikwa na mtu. Kila mwalimu anapojaza ukurasa wake wa somo, na ukurasa mkuu ukavuta alama kwa `=Sayansi!C9`, kisanduku kitupu cha kule hufika huku kikiwa 0. Tuliwahi kuletewa faili ambayo sifuri hizo zilikuwa zimefichwa kwenye mipangilio, hivyo kwa macho visanduku vilikuwa vitupu huku wastani ukizihesabu. Tuligundua kwa kuweka `=COUNT(B9:F9)` pembeni: ilitoa 5 pale tulipoona namba nne tu. Dawa yake ni kuvuta alama hivi:

```
=IF(Sayansi!C9="","",Sayansi!C9)
```

Kwa sababu hiyo, kabla ya kukokotoa lolote tunaweka safu ya COUNT kando ya wastani, na kila mwanafunzi ambaye idadi ya masomo yake haifiki tano tunampigia simu mwalimu kumuulizia. Kila sifuri iliyoandikwa tunaiulizia pia, kwa sababu COUNT huihesabu kama alama nyingine na haiwezi kutuonya. Wastani wa masomo manne tunauchapa pamoja na idadi ya masomo, na nafasi darasani hatuiandiki mpaka shule iseme kama mwanafunzi huyo apangwe na wenzake. Kwa hiyo anayetuletea alama aandike ABS kwa asiyekuwepo, na 0 kwa aliyefanya akakosa yote. Faili ya namna hiyo tunaimaliza siku ileile kwa bei ileile ya shilingi 500.