Kanga ya Ujiji: barua kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Rasimu ya insha yako nimeisoma mara tatu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wengi wanaoandika juu ya kitu kilichotunzwa nyumbani, kanga au redio au birika, wanakwama palepale ulipokwama wewe.

Umeanza hivi: "Kanga ya bibi yangu mzaa baba ni kumbukumbu isiyofutika moyoni mwangu." Sasa toa neno kanga, weka saa ya ukutani. Sentensi inasimama vilevile, maana yake haijaigusa kanga hata kidogo. Fanya jaribio hilo kwa kila sentensi ya ukurasa wa kwanza. Inayokubali kitu kingine chochote, ifute. Usishtuke ukibakiwa na mistari minne.

Kisha nikafika ukurasa wa mwisho, nikakuta umeandika kwa haraka, kama mtu anayeaga: "Ncha moja imekunjamana kwa sababu bibi alikuwa akifungia hela." Mpwa wangu, insha yako ni hiyo! Yote uliyoyaandika kabla yake ulikuwa unapiga hodi tu.

Kwa hiyo rudi kwenye kitambaa chenyewe. Usikifue kwanza, sabuni na pasi vitaondoa unachokitafuta. Kitandike mkekani karibu na dirisha, mchana, jina, yaani yale maneno yaliyochapishwa, likiwa linasomeka upande wako, uanze kuandika unachokiona kabla ya unachokihisi. Pindo lina rangi gani na limepauka wapi. Mji, ile sehemu ya kati, una maua au korosho. Kingo ndefu, ya juu na ya chini, ni za kiwandani, hazihitaji kupindwa. Kingo fupi mbili ndizo zilizokatwa, kwa hiyo kuna mtu alizipinda. Tazama uzi: ni wa cherehani au wa mkono? Kama upande mmoja umepindwa kwa uzi wa rangi nyingine, hapo pana siku mbili tofauti, pengine na mikono miwili tofauti.

Halafu njoo kwenye ncha, ukae nayo nusu saa. Kitambaa kilichofungwa fundo mahali pamoja kwa miaka hakichakai kama kilichokaliwa. Mikunjo inatoka katikati kama miale, rangi imefutika migongoni mwa mikunjo na kubaki nzito ndani yake, na pale fundo lilipobana nyuzi zimekuwa nyembamba kiasi kwamba ukiziinua kwenye mwanga unaona kiganja chako. Hayo yaandike kama yalivyo. Usiandike kwamba ncha "inasimulia maisha ya bibi." Ukishasema inasimulia, msomaji anaacha kuitazama.

Gawanya ukurasa wa daftari mara tatu. Fungu la kwanza ni ulichokiona mwenyewe, la pili ni ulichoambiwa na aliyekuambia, la tatu ni unachokidhani. Kwenye rasimu yako haya yamechanganyika. Unasema bibi alikuwa anafunga shilingi za ada ya baba yako. Nani kasema? Kama ni baba, andika "baba anasema." Kama umekisia kwa kuwa bibi aliuza dagaa na baba alisoma, andika "nadhani," msomaji hatakudharau. Atakudharau akikukamata umeigeuza dhana kuwa tukio, ukaijaza na mazungumzo ambayo hukuwapo kuyasikia.

Ukienda kumuuliza baba yako, usimuulize kanga hiyo ina maana gani kwake. Atakupa hotuba. Mwekee kanga mapajani, kisha uliza mambo madogo: fundo lilifunguliwa mkono gani, kwa meno au kwa kucha? Bibi alikuwa anafungua mbele ya watu au anageuka ukutani? Dagaa wa Kibirizi wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika. Basi muulize siku hizo za mbalamwezi fundo lilikuwa na ukubwa gani. Swali la namna hiyo linamlazimisha mtu akumbuke kwa mikono. Atakalojibu, liandike kwa maneno yake, hata kama halijanyooka.

Tahadhari moja kubwa: jina la kanga. Yako imeandikwa "Haba na haba hujaza kibaba," na wewe umefungia insha yako hapo. Naelewa, imeangukia mahali pake kabisa, mwanamke anakusanya sarafu na kanga yake inasema hivyo. Lakini hapo mwandishi si wewe tena, ni aliyechapisha kanga. Litaje jina mapema, aya ya pili au ya tatu, ulipo kwenye kueleza kitambaa, kisha liache. Jambo la kufuatilia ni kama alilichagua yeye dukani au aliletewa, na kama alikuwa anaweza kulisoma. Kama hakujua kusoma, una jambo zito kuliko methali: mtu aliyejifunga maneno ambayo wengine walimsomea.

Aya yako ya historia ya Ujiji iondoe. Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871 ni kweli, na reli kufika Kigoma mwaka 1914 ni kweli, ila hakuna uzi unaounganisha hayo na ncha ya kanga. Nakuachia ruhusa moja tu: ikithibitika kwamba babu aliinunua kanga Dar es Salaam na ikaja kwa treni, treni iingie, kwa sentensi moja, ikiwa imebeba kanga.

Kwa mpangilio, ukiandika maneno kama elfu moja, anza na ncha yenyewe mezani, maneno yasiyozidi 150, bila kueleza ni ya nani. Mfano wa mwanzo, uubadilishe upendavyo:

"Ncha ya chini kulia haikunjuki. Nimeipigia pasi mara mbili, imerudi kujikunja kama inashika kitu."

(Umeniambia ulishaipiga pasi mara mbili, ndiyo maana nimeiweka. Usiipige tena.) Baada ya hapo ipanue kanga yote, jina likiwemo, kisha mlete bibi akiwa anafanya kazi moja tu, kufungua fundo, na hapo utumie karibu nusu ya insha. Mengine ya maisha yake, ndoa, safari, maradhi, yaingie pale tu yanapoligusa fundo. Ukiona umeandika aya nzima bila kanga kuonekana, umeshahamia kwenye wasifu wa marehemu.

Mwisho sina wa kukupa, kwa sababu kuna jambo hujalijua bado. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vya jina moja. Unacho kimoja. Cha pili kilitumika wapi, kilichanwa nepi, kilimfunika nani, kilipewa nani? Rasimu yako haigusi swali hilo hata mara moja, na ndilo litakaloamua aya ya mwisho. Shangazi yako wa Mwandiga ndiye aliyegawa nguo baada ya arobaini. Mpigie, au bora uende, na hiki ulicho nacho ukibebe.

Mjomba wako,
Tabora