Mipaka ya viwanja ipimwe kabla ya kuunganishwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuunganisha viwanja vidogo katikati ya miji mikongwe ilizungumzia zaidi majengo yatakayobomolewa. Kinachopotea kwa kudumu zaidi, kwa maoni yangu, ni mstari wa mpaka.

Chukua London baada ya moto wa 1666. Nyumba zaidi ya 13,000 ziliteketea, na msanifu majengo Christopher Wren akawasilisha mara moja ramani ya barabara pana zilizonyooka. Haikutekelezwa. Kila mwenye kiwanja alidai msingi wake, na wapimaji, Robert Hooke akiwa mmojawao, wakapigilia vigingi kufuata mipaka ya zamani. Baadhi ya njia zilipanuliwa, mpya zikawa chache mno, na jiji jipya la matofali likasimama juu ya mpangilio wa zama za kati. Ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kusoma kwenye ramani ya mitaa ya eneo hilo umri ambao kuta zake hazina. Viwanja vyembamba vinapomezwa na jengo moja kubwa, vichochoro vya katikati hufungwa na ushahidi huo unakwisha, hata kama uso wa nyumba ya zamani umehifadhiwa (jambo ambalo wajenzi hupenda kujisifia).

Napendekeza kibali cha kuunganisha viwanja kitolewe baada ya mipaka ya awali kupimwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu za ardhi, na vichochoro vibaki njia za umma.

Msomaji wenu