Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Benki zituonyeshe kiwango zinachotumia kadi inapolipia nje ya nchi

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kuhusu makato yanayowapata wananchi wanapolipa kwa kadi wakiwa nje ya nchi. Mimi ni mhasibu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kulinganisha risiti za watu waliotoka safari na taarifa za kadi zao. Risiti ya hoteli inasema euro 200. Taarifa ya benki inataja kiasi kwa fedha yetu, mstari mmoja tu, bila kusema kiwango gani kilitumika. Chini yake unakuta mstari mwingine ulioandikwa ada. Msafiri akiniuliza mbona hesabu aliyopiga mwenyewe haikaribiani na ya benki, sina la kumjibu mpaka nishike kalamu, nigawanye kiasi kimoja kwa kingine na kukisia yaliyotendeka katikati. Mteja hapaswi kukisia bei ya kitu ambacho ameshakilipia.

Tatizo langu si ada iliyoandikwa. Benki ikitangaza kwamba inatoza asilimia 3 kwa kila muamala wa nje, mteja anaweza kuipima, akaikubali au akatafuta kadi nyingine. Ninacholalamikia ni kile kisichoandikwa, yaani faida iliyowekwa ndani ya kiwango chenyewe cha kubadilishia fedha. Hiyo haipo kwenye orodha ya ada, kwa sababu benki haiiti ada.

Naomba nikupitishe hatua kwa hatua. Mteja anapolipa euro 200, muamala unapita kwenye mtandao wa kadi, kwa mfano Visa au Mastercard. Mtandao una kiwango chake kwa siku ile muamala unaposhughulikiwa, na mitandao hii miwili inaweka viwango vyake kwenye tovuti, mtu yeyote anaweza kuvitazama. Kwa kawaida haviko mbali sana na soko. Lakini benki nyingi katika nchi zenye fedha ndogo kama yetu hazilipani na mtandao kwa fedha ya nyumbani, zinalipana kwa dola. Kwa hiyo euro zinageuzwa kwanza kuwa dola, kisha benki yenyewe inageuza dola hizo kuwa fedha yetu, na hapo inatumia bei yake ya kuuzia dola. Pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia ni biashara ya benki, na mwenye kadi daima anaangukia upande ulio ghali. Baada ya hapo ndipo ile asilimia 3 inapigwa juu ya jumla. Maana yake mteja analipa ada hata juu ya ile faida aliyokwisha kukatwa bila kuambiwa.

Nichukue namba za mfano, nilizozichagua ziwe rahisi kuhesabu. Tuseme kwa kiwango cha kati cha soko siku hiyo euro moja ni sawa na 100 ya fedha yetu. Bili ya euro 200 ingekuwa 20,000. Mtandao ukiongeza nusu asilimia katika kugeuza euro kuwa dola, tunafika 20,100. Benki ikiuza dola zake kwa bei iliyo juu ya bei ya kati kwa asilimia 2, tunafika 20,502. Juu ya hapo weka ada ya asilimia 3, na mteja anakatwa 21,117. Ametozwa zaidi kidogo ya asilimia 5 na nusu, wakati orodha ya ada ilimwambia 3. Hakuna aliyemdanganya kwa maneno, ila karibu nusu ya gharama ilikaa mahali ambapo hakuna sheria inayoilazimisha kujitokeza.

Sasa turudi kwenye kaunta ya hoteli hiyohiyo, kwa sababu kuna mlango wa pili ambao fedha hupotelea. Mashine ya kadi inatambua kwamba kadi ni ya nje na inamwekea mteja chaguo mbili: alipe euro 200, au alipe moja kwa moja kwa fedha ya kwao, kiasi kikiwa kimeshapigiwa hesabu. Chaguo la pili linatuliza moyo. Mtu anaona fedha anayoijua, anaona kiasi kamili, anabonyeza. Kiwango hicho hakitoki kwenye benki yake wala kwenye mtandao. Kinatoka kwa kampuni inayoendesha huduma hiyo pamoja na benki ya muuzaji, na faida yake hugawanywa kati yao, mara nyingi na muuzaji mwenyewe akipata fungu lake. Ndiyo maana wahudumu wengine humbonyezea mteja bila kumuuliza, ingawa kanuni za mitandao zinasema uamuzi ni wa mwenye kadi.

Kwa namba zetu za mfano, kampuni hiyo ikitumia 106 kwa euro moja, bili inakuwa 21,200. Msafiri anadhani mambo yameishia hapo. Siku chache baadaye benki yake inamtoza tena asilimia 3, ambayo ni 636, kwa sababu muuzaji yuko nje ya nchi. Jumla ni 21,836, zaidi ya asilimia 9 juu ya kiwango cha soko. Benki haikubadilisha fedha yoyote katika muamala huo, maana uliifikia ukiwa tayari kwa fedha yetu, na bado imetoza kama vile imebadilisha. Hili, Mheshimiwa, ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kwenye ATM mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mtu yuko peke yake na foleni iko nyuma yake. Mashine inamwonyesha kiwango, kisha vitufe viwili. Kile cha kukataa kimeandikwa kwa namna inayotisha, kama CONTINUE WITHOUT CONVERSION au DECLINE CONVERSION, na wengi hudhani wakikibonyeza muamala utafutwa na fedha hazitatoka. Zinatoka. Kinachokataliwa ni kiwango cha mwenye mashine tu, na ubadilishaji unabaki kwa mtandao na benki ya mteja. Nimeona taarifa za watu wazima, wenye elimu yao, waliokubali kiwango hicho kila walipotoa fedha safari nzima kwa hofu ya kitufe hicho.

Najua jibu ambalo benki zitakupa: kwamba viwango hubadilika kila siku, na kwamba ni vigumu kumwonyesha mteja kila hatua. Sehemu ya kwanza ni kweli. Kiasi kinachozuiwa kwenye kadi siku ya ununuzi kinaweza kutofautiana na kile kinachokatwa mwishoni, kwa kuwa muamala hukamilishwa siku moja au zaidi baadaye, na soko halisubiri. Sehemu ya pili siikubali. Ujumbe wa muamala wa kadi unaofuata muundo wa ISO 8583 una nafasi zake maalumu za kiasi cha awali, alama ya fedha iliyotumika, kiasi cha kumtoza mwenye kadi na kiwango cha ubadilishaji. Kuna pia nafasi ya nchi aliko muuzaji au mashine. Kwa hiyo benki ina njia ya kujua kwamba mteja alilipa euro 200. Inaweza pia kuona kwamba muamala umetoka nje ya nchi ukiwa kwa fedha ya nyumbani, yaani ulishabadilishwa na mtu mwingine. Sehemu iliyoongezwa na benki kwa bei yake ya dola inajulikana na benki yenyewe kuliko mtu yeyote. Kinachokosekana ni amri ya kuyachapisha hayo kwenye taarifa.

Na si jambo la kubuni. Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni namba 2019/518. Kuanzia Aprili 2020 gharama ya kubadilisha fedha kwenye mashine ya muuzaji au ATM inatakiwa kuonyeshwa kabla mteja hajalipa, ikiwa asilimia juu ya kiwango rejea cha karibuni kabisa cha Benki Kuu ya Ulaya. Mwaka uliofuata, Aprili 2021, benki zilizotoa kadi zikaongezewa wajibu wa kumtumia mteja ujumbe wa kielektroniki unaotaja asilimia hiyo anapotumia kadi kwa fedha nyingine ya ndani ya Umoja. Kanuni hiyo haikuweka kikomo cha bei ya kubadilisha fedha. Ilichofanya ni kuzilazimisha bei zote zisimame kwenye kipimo kimoja, ili asilimia 4 ya huyu ilinganishwe na asilimia 2 ya yule.

Mamlaka yako hayafiki kwenye mashine ya hoteli ya nchi nyingine, na sikuombi uyafikishe. Yanafika kwa benki zilizotoa kadi. Benki Kuu inatangaza kiwango cha fedha za kigeni kila siku ya kazi, na hicho kinatosha kuwa rejea. Naomba waraka unaozitaka benki ziandike kwenye kila muamala wa nje kiasi cha awali na fedha yake, kiwango kilichotumika, na jumla ya gharama, ada pamoja na faida ya kiwango, ikiwa namba moja ya asilimia juu ya kiwango chako cha siku hiyo. Namba hiyo iwe moja kwa makusudi. Ikiruhusiwa kugawanywa, kila benki itaikuza ile ndogo kwenye tangazo na kuizika ile kubwa kwenye maelezo ya chini.

Naomba pia waraka huo upige marufuku ada ya kubadilisha fedha kwenye muamala uliofika benki ukiwa tayari kwa fedha yetu. Kama benki ina gharama halisi ya kushughulikia muamala wa mpakani, iitaje kwa jina lake na iitoze kwa kiasi chake, isijifiche nyuma ya ubadilishaji ambao haikuufanya.

Liko jambo moja ambalo hata kanuni ya Ulaya niliyoitaja haikulizungumzia. Msafiri akirudisha bidhaa au akafuta chumba, euro zake 200 hurudi, lakini hurudi kwa kiwango cha siku ya marejesho na kwa bei ya benki ya kununulia. Ile asilimia 3 aliyotozwa mwanzo mara nyingi hairudi kabisa. Mtu hakununua kitu, na bado amepoteza fedha kwa kwenda na kurudi. Ada irudishwe pamoja na bili iliyofutwa, na mteja aonyeshwe viwango vyote viwili, cha kwenda na cha kurudi, kwenye taarifa moja.

Nina mifano ya taarifa za kadi ambazo wenyewe wameniruhusu kuzionyesha baada ya kuficha majina na namba. Wataalamu wako wakitaka kuzipitia mstari kwa mstari, niko tayari kuja nazo siku yoyote watakayopanga.

Wako mtiifu,
Mhasibu wa hesabu za safari