Paneli ya sola hulipa deni lake lini? Jibu kwa msomaji wa Changamwe

Mhariri,

Niruhusu nimjibu ndugu yetu wa Changamwe aliyeandika kwamba sola ni kiinimacho. Hoja yake ni kwamba paneli hutengenezwa China kwa umeme wa makaa ya mawe, huletwa Kilindini na meli zinazochoma mafuta mazito, na mpaka zife hazijarudisha hata ule umeme uliotumika kuzitengeneza. Mimi ni fundi wa sola hapa Mombasa na swali hili huulizwa sana na wateja, tena na watu wenye akili zao. Ni swali la haki. Ila ndani yake mna maswali mawili, moja la nishati na moja la kaboni, na majibu yake hayafanani hata kidogo.

Nianze na la nishati. Nachukua paneli moja ya wati 550, ile inayofungwa kwenye mapaa mengi siku hizi. Vile vijiwe vyeusi vilivyo chini ya kioo ni silikoni, na uzito wake wote haufiki kilo moja. Lakini kwa sababu ya kukata na kumenya, kiwandani huingia kama kilo 1.3. Hapo ndipo umeme mwingi unapokwenda. Kwanza mawe meupe ya kwazi huyeyushwa na makaa kwenye tanuri la umeme lenye joto la nyuzi 2,000 hivi, na kila kilo hula uniti kama 12. Silikoni hiyo bado ni chafu. Hugeuzwa kuwa gesi, husafishwa, kisha gesi hiyo hupitishwa kwenye fimbo nyembamba zilizopashwa moto kupita nyuzi 1,000 ili silikoni safi igande juu yake pole pole. Hatua hii ndiyo mlafi mkubwa, maana fimbo zinachomwa kwa umeme huku kuta za chombo zikipozwa kwa maji saa zote. Zamani kilo moja ilikula zaidi ya uniti 100, leo viwanda vizuri vinatumia kama 60. Baadaye silikoni huyeyushwa tena na kuvutwa kuwa nguzo moja ya fuwele, na huko pia kila kilo hula uniti 30 na ushei.

Ukijumlisha, silikoni ya paneli yetu imekula kama uniti 140. Bado kuna kuikata kwa waya, kuipaka na kuichapa, kioo cha karibu kilo 20, na fremu ya alumini, ambayo nayo hupenda umeme: kuiyeyusha kilo moja tu kutoka kwenye madini yake ni uniti 14 hivi. Sitaki nituhumiwe kupunguza, kwa hivyo paneli nzima naipa uniti 500, na nikiongeza fungu lake la waya, vyuma vya paani na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, 650.

Sasa mapato. Kwa jua la Mombasa, ukishatoa joto, vumbi na mawingu ya masika, kila kilowati ya paneli huleta kama uniti 1,400 kwa mwaka. Paneli ya wati 550 basi ni uniti 770. Kwa hivyo 650 zinarudi kama miezi 10 baada ya kuwasha. Hesabu yangu ni ya penseli, lakini haiko mbali na ya watafiti, ambao kwa paneli za sasa huko Ulaya hupata karibu mwaka mmoja, nao jua lao wanalijua wenyewe.

Ile habari kwamba paneli haijilipi haikuzuliwa, lakini ni habari ya zamani. Miaka ya 1970 vipande vya silikoni vilikuwa vinene, usafishaji wake ulikuwa wa viwanda vya elektroniki, na kipande kimoja kiligeuza sehemu ndogo ya jua kuwa umeme. Hesabu za wakati huo zilifika zaidi ya miaka 10. Hata mwaka 2004 wati moja ilihitaji gramu 16 hivi za silikoni, na sasa inatosha kama gramu 2 na nusu. Anayetumia hesabu za wakati ule kuihukumu paneli ya leo anahukumu kitu kingine kabisa.

Kwenye kaboni ndugu yetu ana haki zaidi. Ni kweli zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kutengeneza paneli duniani hufanyika China, na viwanda vingi vya silikoni viko Xinjiang na Mongolia ya Ndani, kwenye umeme wa makaa ya mawe. Vingine viko Sichuan na Yunnan, kwenye mabwawa, lakini mteja wa Kongowea hawezi kuchagua boksi lake limetoka wapi. Makadirio kwa paneli za China huzunguka kilo 800 za kaboni dioksidi kwa kila kilowati. Paneli yetu ya wati 550 basi inafika Mombasa ikiwa na deni la kilo 440 hivi, na pamoja na inveta na vyuma tuseme 550.

Meli, bwana, ndiyo inayoonekana kubwa kwa sababu tunaiona kwa macho ikiingia. Lakini paneli hiyo ina kilo 28 tu, na kontena moja hubeba mamia. Toka Shanghai hadi Kilindini ni kama kilomita 11,000, na meli ya kontena hutoa gramu 10 hadi 15 kwa kubeba tani moja kilomita moja. Piga hesabu utapata kilo kama 4 kwa paneli nzima. Katika 440, hiyo ni chini ya asilimia moja. Kosa liko tanurini, haliko baharini.

Deni hilo linalipwa kwa muda gani? Hapa ndipo watu wa sola, na mimi nimo, hukimbilia jibu tamu. Kaboni hailipwi kwa kuzalisha umeme tu. Hulipwa kwa kuzima umeme mwingine uliokuwa unatoa moshi, na lazima useme ni upi.

Tuseme ni hoteli ya ufuoni au duka la samaki linalowasha jenereta ya dizeli. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 za kaboni dioksidi, na jenereta ndogo hupata uniti kama 3 kwa lita. Kila uniti basi ni kilo 0.9. Paneli yetu ikizuia uniti 770 kwa mwaka, imezuia karibu kilo 690, na deni la 550 limekwisha kabla ya mwaka kuisha.

Lakini nyumba ya kawaida iliyounganishwa na stima ya taifa ni jambo jingine. Zaidi ya asilimia 80 ya stima ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Ni stima safi kuliko ya nchi nyingi tajiri. Nikichukulia gramu 100 tu za kaboni kwa uniti, paneli yetu inazuia kilo 77 kwa mwaka, na deni lile lile la 550 linahitaji miaka 7. Miezi 10 ya nishati, miaka 7 ya kaboni, paneli ni moja! Na mtu asiniambie kwamba sisi tuna mitambo ya mafuta mazito Kipevu na Rabai, kwa hivyo sola ya Mombasa inaizima. Mitambo hiyo huhitajika zaidi jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha taa na pasi, na saa hizo paneli imelala. Ukitaka kuigusa jioni unahitaji betri, na betri ya lithiamu ya uniti 5 huja na deni lake la kilo 300 hadi 500.

Hata hivyo miaka 7 si 25. Paneli nzuri ikifikisha miaka 25 itakuwa imetoa kama uniti 18,000, na ukigawa deni lote, kwa kuhesabu inveta ya pili pia, utapata gramu 35 hadi 40 kwa uniti. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti ya 2014 waliweka sola ya paani kwenye gramu 41, na makaa ya mawe kwenye 820.

Sasa, hiyo 25 ndiyo inayonitia wasiwasi hapa pwani, kuliko makaa yote ya China. Paneli ikifa mwaka wa 5 kwenye nyumba yenye stima ya taifa, imekufa na deni. Na chumvi yetu inaua. Nimeshusha paneli Nyali ambazo kioo chake kinang'aa kama kipya, lakini ukiigeuza, ngozi ya nyuma imegeuka manjano na ina nyufa, na pale skrubu ya chuma ilipogusa fremu ya alumini pana unga mweupe, chini yake fremu imeliwa. Ukitazama kwa karibu kupitia kioo unaona riboni za rangi ya fedha zimeanza kuwa kahawia. Maji yameshaingia. Kabla ya kununua, itisha karatasi ya paneli na utafute IEC 61701, jaribio la mvuke wa chumvi. Isipokuwepo, ulizia nyingine. Na fundi akileta skrubu zisizo za chuma cha pua, mrudishe dukani.

Ukishafunga, tazama namba kwenye inveta, usitazame kioo. Paneli ya wati 550 inatakiwa kukupa kama uniti 64 kwa mwezi kwa wastani, pungufu Mei, zaidi Januari na Februari. Ikiwa kwenye kaskazi, jua likiwa kali na paneli imeoshwa, hazifiki 50, pana kitu kimeoza au pana kivuli.

Ila hakikisha kwanza umeme huo una mtumiaji, maana namba inaweza kuwa ndogo bila ya paneli kuwa na kosa. Nimeona nyumba ya paneli 6 ambayo wenyewe wote huondoka asubuhi, mchana kuna friji na ruta ya intaneti tu. Betri ikishajaa saa tano, inveta inazibana paneli, na jua la saa sita linaanguka bure. Uniti ambayo haikutumika haizuii moshi wa mtu, kwa hivyo ile miaka 7 inaweza kuwa 12 au 15. Mteja wa namna hiyo namwambia aanze na paneli 2, na pampu ya maji aiweke ifanye kazi mchana.

Fundi wa sola,
Mombasa