Nondo 300 Stoo, za Kuahidi ni 30 Tu

Wateja wetu wengi wenye maduka ya vifaa vya ujenzi hutuletea lalamiko moja: muuzaji wa kaunta ameuza nondo, mwenzake kwenye WhatsApp kauza zilezile, na lori la mteja wa pili limeshafika getini. Wote wawili waliangalia stoo kabla ya kujibu, na wote waliona namba sahihi. Tatizo ni kwamba "zilizopo" na "za kuahidi" ni namba mbili tofauti, na mfumo wao unaonyesha ile ya kwanza tu.

Chukua nondo za milimita 12. Leo ni tarehe 10, stoo kuna vipande 300, na lori la kiwandani linaleta vingine 200 tarehe 15. Kuna oda tatu zilizolipiwa adivansi: 120 zinachukuliwa tarehe 12, 100 tarehe 20, na 250 tarehe 25. Anatokea mteja anataka 60 kesho. Unampa?

Muuzaji makini kidogo atatoa zile 120 za tarehe 12 na kusema zimebaki 180, kwa hiyo 60 zipo. Hapo ndipo anapopotea. Lori likifika na 200, oda za baada yake ni 100 na 250, jumla 350. Lori linapungukiwa 150, na pengo hilo litazibwa na zile 180 unazoziona leo. Kwa hiyo za kuahidi ni 30. Ukimpa huyu 60, mteja wa tarehe 25 atakosa 30, na hutajua mpaka siku ya kupakia.

Kanuni ni hii: anza na mzigo uliopo, toa oda zote zinazotangulia mzigo unaofuata. Kisha chukua kila mzigo unaoingia, toa oda zake, na ukikuta upungufu, urudishe nyuma na uutoe kwenye kiasi cha leo. Mzigo unaoingia uhesabiwe tu ukiwa na tarehe ya uhakika. Lori likichelewa hadi tarehe 22, hesabu yetu bado inasimama: 100 za tarehe 20 zinatoka stoo, 80 zinazobaki zinaungana na 200. Likivuka tarehe 25, oda ya 250 inapungukiwa 170 na za kuahidi leo zinakuwa sifuri. Uzuri wake ni kwamba unajua mapema nani wa kumpigia simu.

(Hii ni nondo, ambayo kipande kimoja ni sawa na kingine. Kwa vigae fanya hesabu hii kwa kila toni ya rangi peke yake, maana boksi 30 za toni moja na 200 za nyingine hazikai kwenye sebule moja.)

Sasa kutenga. Proforma isitenge kitu, la sivyo stoo nzima itafungwa na watu wanaouliza bei. Tunashauri mteja aliyeomba kushikiwa atengewe saa 48, na asipoleta adivansi mfumo uachie wenyewe. Kuachia kwa kukumbushana hakufanyi kazi: baada ya miezi michache utakuta nondo zimejaa stoo na skrini inasema hakuna.

Wauzaji wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, kusoma namba kwanza na kupunguza baadaye ni hatari, kwa sababu wote watasoma 30. Kuangalia na kupunguza vifanyike kwa amri moja:

```sql
UPDATE bidhaa
SET za_kuahidi = za_kuahidi - 20
WHERE kodi = 'NONDO12' AND za_kuahidi >= 20;
```

Wa kwanza atapata 20. Wa pili amri yake haitabadilisha mstari wowote, na hapo skrini imwambie zimebaki 10.

Kosa linalotusumbua zaidi hutokea kwenye kupakia. Mteja akichukua 120, zilizopo zinashuka kutoka 300 hadi 180, na zilizotengwa lazima nazo zishuke kwa 120, kutoka 470 hadi 350. Jumlisha 180 na 200, toa 350: bado ni 30. Mzigo ukipakiwa, namba ya kuahidi haitikisiki. Ikishuka, mfumo umetoa mara mbili. Dalili yake ni rahisi kuiona: jumlisha oda zote ambazo hazijachukuliwa, linganisha na namba ya zilizotengwa. Zikitofautiana, tafuta oda iliyokwisha kupakiwa ambayo bado imeshikilia mzigo, na uanzie na zile zilizochukuliwa kwa awamu.