Gawaneni usingizi, msigawane kuamka

Wanangu mliopata mtoto wa kwanza mwaka huu,

Mimi ni mkunga mstaafu, bibi wa wajukuu saba, na nyumba yangu haiko mbali na zenu. Usiku nasikia vitoto vyenu vikilia, kisha nasikia na ninyi mkigombana. Ugomvi wenyewe ni ule ule: "Jana niliamka mimi mara nne." "Na mimi je, nani kabadilisha nepi alfajiri?" Nawaandikia kwa sababu mnahesabu kitu kisicho sahihi.

Mtoto mchanga hajui usiku. Tumbo lake dogo, maziwa ya mama yanasagika upesi, kwa hiyo ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Saa ya mwilini mwake ya kutofautisha giza na mchana inaanza kukaa sawa anapokaribia miezi miwili au mitatu. Hadi hapo hakuna dawa wala uji wa kumlaza. Kumpa uji mtoto wa mwezi mmoja ili alale ni kumtafutia maradhi, hata kama mama mkwe ndiye anayesema.

Kwa hiyo mtoto ataamka tu. Swali ni nyie mtalala vipi. Mkiamka kwa kupokezana, wewe mara hii na mwenzio mara ijayo, mnakuwa mmegawana haki sawasawa lakini hakuna aliyelala. Usingizi wa mtu mzima unakwenda kwa mizunguko, kila mzunguko kama saa moja na nusu. Ukikatwa kila unapoanza kuzama, unaweza kukaa kitandani saa nane ukaamka kichwa kama kimejazwa pamba. Kinacholinda moyo wa mtu ni kipande kimoja kisichokatwa, cha saa nne au tano. Hicho ndicho cha kugawana.

Niwape mfano. Mwaka juzi alinijia fundi wa gereji na mkewe, mtoto wao ana wiki sita. Bibi wa mtoto alikuwa amewasaidia hadi arobaini, kisha akarudi shamba. Wakabaki wawili, chumba na sebule. Walikuwa wakipokezana kuamka, na kwa kuwa chumba ni kimoja, mtoto akilia wote macho. Mke alikuwa amelia mchana kutwa kwa sababu mchicha ulizidi chumvi. Mume alikuwa amefunga magurudumu ya gari la mteja akasahau kukaza nati mbili. Namshukuru Mungu mwenye gari alisikia mlio kabla hajatoka getini.

Tulipanga hivi. Saa mbili usiku mama ananyonyesha, kisha anakamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa, anakifunika. Saa tatu anaingia chumbani, anafunga mlango, na haitwi tena. Baba yuko sebuleni na mtoto. Saa tano mtoto akiamka, baba anaweka kile kikombe ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, anamkalisha mtoto wima kidogo mapajani, anagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na kumwacha alambe mwenyewe. Hamimini. Kisha anamcheulisha begani, anambadilisha, anamlaza chali. Saa saba anamkabidhi kwa mama, na yeye analala hadi saa kumi na mbili bila kuitwa, kwa sababu asubuhi ana magari ya watu. Mama amepata saa nne kamili kabla, na kunyonyesha kwa saa saba na saa kumi kunamkuta ana nguvu.

Hawakuwa na friji. Ndiyo maana tulisema maziwa yakamuliwe saa mbili yanywewe saa tano. Kwa joto letu la pwani nisingeyaacha mezani kwa muda unaozidi saa nne, na yakibaki kikombeni baada ya mtoto kunywa, yamwagwe. Wiki ya kwanza ya mpango matiti ya mama yalijaa yakauma saa saba. Hilo ni la kawaida. Mtoto anaponyonya yanalegea, na baada ya siku chache mwili unazoea.

Wenye watoto wachanga kuliko huyo, msinakili mpango huu mzima mzima. Wiki za mwanzo maziwa bado yanajijenga, na kunyonyesha usiku ndiko kunakoyaita, kwa hiyo pengo refu si zuri. Mtoto ambaye hajarudisha uzito aliozaliwa nao asipitishe saa nne bila kunyonya, alale vipi. Wakati huo kazi ya baba ni nyingine: anamtoa mtoto, anamletea mama titini, mama ananyonyesha kwa ubavu bila kuinuka, kisha baba anamchukua. Kucheulisha, nepi, na ile nusu saa ya kubembeleza ambayo ndiyo inayoua, vyote ni vyake. Taa hafifu, simu mbali. Mama anaamka dakika 20 badala ya saa nzima.

Najua akina baba mtasema, "Mimi nina kazi asubuhi." Sheria yetu ya kazi hapa Tanzania inampa baba likizo ya siku tatu tu, na siku tatu ni za kumbukumbu ya picha, si za kulea. Lakini mama naye asubuhi ana kazi, ana kiumbe mikononi. Anayeendesha gari au kupanda nguzo za umeme apewe kulala kipande cha mwisho cha usiku, ashike zamu ya mwanzo. Hiyo ni busara, si upendeleo.

Jambo moja nalisema kwa aibu. Mtoto wangu wa pili nilikuwa nikiamka peke yangu, na usiku mmoja nikalala nimekaa kwenye kochi huku nikimnyonyesha. Nilizinduka kateleza kati ya paja langu na mto, uso umefunikwa. Alikuwa hai. Tangu hapo nasema: ukihisi macho yanafumba, mrudishe mtoto kitandani pake, chali, ndani ya chandarua, hata kama atalia. Kochi ni hatari kuliko kilio. Na baba aliyekunywa pombe usiku huo halali na mtoto.

Kuhusu moyo. Kulia-lia siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi sana, na hupita ndani ya wiki mbili. Kukizidi hapo si uchovu tena, huenda ni sonona, na inatibika. Mimi huuliza swali moja: mtoto akilala na mtu akakupokea, wewe unalala? Aliyechoka tu anazima kama taa. Anayelala macho wazi akihesabu makosa yake, hata amepewa nafasi, apelekwe na mwenzake kituo cha afya wiki hiyo hiyo, asingoje hudhurio la siku ya 42. Akina baba nanyi mjiulize swali hilo, huzuni hii haichagui.

Na yule asiyelala siku mbili lakini anasema hachoki, anaongea mbio, anasikia sauti, au anasema mtoto si wake: huyo hapelekwi kwa mganga wala haombewi kwanza. Hospitali, usiku huo huo, na mtoto ashikwe na mtu mwingine njiani.

Yule fundi alipita juzi kunisalimu. Mtoto anatembea. Nikamuuliza, zamu bado mnazo? Akasema bado, sasa ni nani aamke Jumapili kukimbizana naye uani, mwingine alale hadi saa nne.

Bibi yenu wa jirani