Kapu la Bi Somoe

Chikongola, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Hamjambo huko Dar? Sisi wazima, joto tu. Pesa imeingia na orodha yako nimeisoma, ndiyo maana nakuandikia kabla sijaenda sokoni: kapu la Bi Somoe sitalinunua kama ulivyoandika.

Madafu, ndizi mbivu, machungwa, korosho. Mgonjwa mwingine angefurahi. Lakini Bi Somoe mafigo yamegoma, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na hivyo vyote vinne vina potasiamu nyingi. Figo zima huitoa kwa mkojo. Lake haliwezi, basi inajikusanya damuni mpaka siku ya mashine. Ikizidi, misuli inalegea, moyo unapiga ovyo, na unaweza kusimama ghafla. Dafu ndilo baya zaidi, maana juu ya potasiamu ni maji, naye maji ya kunywa anapimiwa. Binti yake anasema wageni wanayaleta tu, "yanasafisha figo, bibi," na bibi anaona haya kukataa. Wanakunywa wajukuu, wamenawiri hao!

Mimi naona tumpelekee epo, nanasi dogo la kula kipande kipande, mchele, na trei ya mayai. Mayai kwa sababu mashine humpunguzia protini, na nesi amesisitiza ale. Niongeze tangawizi na ndimu chache za kukolezea mboga isiyo na chumvi. Ng'onda hapana, hata akililia. Chumvi ile italeta kiu, kiu ilete maji, maji yamvimbishe miguu na kumbana pumzi. Na ile chumvi ya dukani ya watu wa presha usinitume: nyingi wamepunguza sodiamu wakatia potasiamu hiyohiyo.

Mzazi wa kwa Salima hana shida. Unga wa ulezi, pilipili manga, karanga, pweza wa supu nitampata feri. Asali uliyotaja sawa, ila ni ya mama. Mtoto asilambishwe hata tone mpaka atimize mwaka, na wewe unamjua yule nyanya yake!

Mwenyeji wako wa Newala... korosho, Mwanaidi? Umpelekee mtu wa Newala korosho? Nitamfungia nazi na samaki, kule juu ndivyo vya kutamaniwa.

Narudi kwa Bi Somoe. Kabla sijalipa nitampigia binti yake, maana majibu ya damu ya mwezi huu yanaweza kumruhusu kitu au kumnyima kingine. Wewe umeshaongea naye? Bibi anajua kwamba unakuja, au ni siri? Unafika Ijumaa au Jumamosi? Na madafu uliyomwagiza Hashimu kutoka Msanga Mkuu, nimwambie asiyaangue, au tunywe sisi?

Wako,
Hadija